Maana ya jedwali la bei kwa kilo au lita

Jedwali la bei kwa kilo au lita ni orodha inayogeuza bei za vifungashio vya ukubwa mbalimbali, kama vile mfuko, pakiti, kopo na bido, kuwa bei ya kipimo kimoja tu, ili mnunuzi aone ni kifungashio kipi kinampa bidhaa ileile kwa fedha kidogo zaidi. Hesabu yake ni fupi: bei yote inagawanywa kwa kilo au lita zilizomo. Ugumu uko katika namba mbili zinazoingia kwenye hesabu hiyo, yaani bei ambayo mnunuzi analipa kweli na uzito ambao atakula kweli.

Tuchukue familia chache za Bukavu zinazochanga fedha ili kununua mchele pamoja katika soko la Kadutu. Bei zinazofuata ni za mfano tu, na dola moja tumeihesabu kuwa franka 2,500. Mfuko wa kilo 25 unauzwa dola 22, mfuko wa kilo 50 dola 46, pakiti ya kilo 5 franka 11,750, na kopo moja la kupimia franka 2,000. Bei za dola hugeuzwa kwanza kuwa franka, kwa sababu safu yenye sarafu mbili haiwezi kulinganishwa.

| Kifungashio | Bei (franka) | Kilo | Bei kwa kilo |
|---|---|---|---|
| Mfuko wa kilo 25 | 55,000 | 25 | 2,200 |
| Mfuko wa kilo 50 | 115,000 | 50 | 2,300 |
| Pakiti | 11,750 | 5 | 2,350 |
| Kopo | 2,000 | 0.8 | 2,500 |

Kilo 0.8 za kopo hazikukisiwa. Kopo hupima ujazo, si uzito, kwa hiyo ni lazima mchele wake uwekwe kwenye mizani na uzito wa chombo uondolewe. Namba hiyo pia haihamishwi kutoka bidhaa moja hadi nyingine, kwani kopo lilelile likijazwa unga au maharagwe litatoa uzito tofauti. Na hata kwa mchele, kopo lililofurika si sawa na lililosawazishwa kwa mkono, wala na lile ambalo kitako chake kimebonyezwa ndani, jambo ambalo mnunuzi hulitambua kwa kupitisha vidole chini yake.

Jedwali hilo bado halijakamilika. Mfuko wa kilo 25 unafika nyumbani kwa taksi-moto ya franka 2,000, na hivyo kila kilo inaongezeka franka 80 na kuwa 2,280. Mfuko wa kilo 50 unabebwa kwa franka 3,000, na tuseme kwamba baada ya kuchaguliwa mawe na makapi zimebaki kilo 48.5. Franka 118,000 zikigawanywa kwa 48.5 zinatoa takriban 2,433. Pakiti, ambayo mtu huibeba mkononi na ambayo mchele wake ni safi, inabaki 2,350. Mfuko mkubwa kuliko yote, ambao katika jedwali la kwanza ulikuwa wa pili kwa unafuu, sasa umeshindwa na pakiti ndogo.

Kwa mafuta ya kupikia kuna mtego mwingine, nao ni wa kuchanganya kilo na lita. Lita moja ya mafuta ya mimea ina uzito wa takriban kilo 0.92, kwa hiyo chombo kilichoandikwa kilo 18 kina lita 19.6 hivi, wala si 18, wala si 20. Kikiuzwa franka 84,000 kando ya bido la lita 20 la franka 85,000, macho yatakiona kuwa nafuu, ilhali lita yake inagharimu karibu franka 4,293 na ya bido 4,250. Tofauti ni ndogo, nami nisingebadilisha muuzaji kwa ajili yake. Lakini inaonyesha kwa nini safu ya mafuta inapaswa kuwa ya lita peke yake au ya kilo peke yake.

Juu ya jedwali huandikwa tarehe na kiwango cha dola cha siku hiyo, kwa kuwa mpangilio wenyewe unakitegemea. Katika mfano wetu, ikiwa bei ya dola ya mfuko wa kilo 25, nauli yake ya taksi-moto na bei ya franka ya pakiti hazibadiliki, faida ya mfuko inakwisha dola inapokaribia franka 2,580. Kuanzia hapo, kilo ya pakiti ndiyo inayogharimu kidogo zaidi, mpaka muuzaji wa pakiti naye apandishe bei yake.