Umri wa chupa husomwa shingoni

Je, wajua kwa nini mshono wa chupa nyingi za zamani hupanda hadi shingoni kisha ukapotea?

Ni kwa sababu mdomo ulitengenezwa mwisho, tena kwa mkono. Fundi alipuliza kioo cha moto ndani ya kalibu ya vipande viwili, na vilipokutana ukabaki mstari mwembamba. Chupa ilipokatwa kutoka kwenye bomba la kupulizia, ncha ya shingo ilipashwa moto upya, kisha koleo maalumu likazungushwa hapo kuumba mdomo. Kuzungusha huko ndiko kulikofuta mshono. Mashine ya Michael Owens, iliyoanza kufanya kazi Marekani mwaka 1903, iligeuza mpangilio: mdomo huumbwa kwanza ndani ya kalibu, kwa hiyo mshono hukwea hadi ukingoni.

Chukua chupa ndogo ya dawa kutoka Marekani, yenye rangi ya kijani cha maji ya bahari. Mshono unakoma chini ya mdomo, na ukiiinamisha kwenye mwanga unaona mistari myembamba iliyozunguka mdomo. Basi haikutoka kwenye mashine. Kitako ni laini, hakina kovu la fimbo ambayo mafundi wa kabla ya miaka ya 1860 waliigandisha hapo kushikia chupa. Kwa hiyo tunaiweka kati ya miaka ya 1860 na 1910 na ushei. Ila usikimbilie kudhani kwamba chupa isiyo na mshono kabisa ndiyo kongwe zaidi. Nyingine zilizungushwa ndani ya kalibu makusudi ili mstari ufutike.

Rangi ni shahidi dhaifu. Ule ukijani unatokana tu na chuma kilichomo mchangani, na umetumika miaka mingi. Zambarau hafifu inasaidia zaidi: kioo kisicho na rangi kilichosafishwa kwa madini ya manganizi, hasa kuanzia miaka ya 1880 hadi Vita Kuu ya Kwanza, hugeuka hivyo kikikaa juani. Zambarau iliyokolea mno ikutie shaka, maana wapo wanaopiga chupa mionzi ili wauze ghali.

Kuhusu bei, pitisha ukucha taratibu kuzunguka mdomo. Pengo dogo hapo huumiza bei kuliko pengo kama hilo kitakoni, kwa kuwa mdomo ndio unaotazamwa kwanza. Ukungu unaofifisha kioo nao ni wa aina mbili. Chokaa ya maji hutoka kwa siki. Lakini chupa iliyozikwa muda mrefu kwenye udongo wenye unyevu hunyonywa magadi yaliyomo kwenye kioo chenyewe, uso ukachakaa, na hapo hakuna sabuni itakayosaidia. Kuisugua kwa mashine hurudisha mng'ao, ila maandishi yaliyochomoza hulika. Wauzaji wajanja huipaka mafuta, ukungu ukajificha kwa muda. Ukiona inang'aa kupita kiasi, ioshe kwa sabuni, iache ikauke kabisa, ndipo mzungumze bei.