Kinundu cha thairoidi: ukubwa pekee hautoshi

"Ultrasaundi ya mama hapa Mbale imeonyesha kinundu cha sentimita 3.2 chenye vijitundu kama sifongo. Kwa ukubwa huo, si ni saratani?"

La. Umbile ndilo husomwa kwanza, kisha ukubwa husaidia kuamua kama biopsi, yaani kuchukua sampuli kwa sindano, inahitajika. Kinundu kilichojaa vijitundu vya majimaji karibu chote, kama sifongo, kwa kawaida hakina madhara, na TI-RADS, mwongozo unaovipa vinundu vya thairoidi alama za hatari ya saratani, hukipa alama 0 bila kushauri biopsi, ingawa kikimbana mama koo anapomeza, hilo litashughulikiwa kwa njia yake.

Linganisha na kinundu cha sentimita 1.2 tu: ni kigumu (alama 2), cheusi kuliko tezi inayokizunguka (2), kimesimama, yaani kirefu kuliko upana wake (3), na ndani mna vidoa vidogo vinavyong'aa (3). Jumla ni 10. Alama 7 na kuendelea ni TR5, daraja la juu zaidi la hatari, ambapo biopsi ya sindano nyembamba hushauriwa kuanzia sentimita 1. Hicho kidogo ndicho kingenitia wasiwasi.

Hata hivyo, ripoti ikitaja tezi za limfu zisizo za kawaida shingoni, mwoneni daktari mapema.