Lipa mzigo ukifika: hasara ambayo wauzaji wadogo hawaihesabu

Karibu kila muuzaji mdogo wa mtandaoni anayeniletea daftari lake la mauzo huniambia jambo moja: "Mteja akikataa mzigo sipotezi kitu, bidhaa si inarudi tu?" Nimeisikia kauli hii mpaka nimechoka, kwa sababu ndiyo inayomaliza mitaji.

Dhana: mzigo uliokataliwa hauna hasara.

Tuchukue bidhaa unayoiuza 100, nawe umeinunua 70. Unalipa 8 kuipeleka, 2 za kufungashia, na msafirishaji anakata 3 kwa kukukusanyia pesa. Mteja akilipa, unabaki na 17. Akikataa, 8 za kwenda zimeshatoka, za kurudi ni 6, na kile kifungashio cha 2 hakifai tena. Umepoteza 16, karibu sawa na faida ya oda moja iliyokwenda vizuri.

Sasa chukua oda kumi, tatu zikataliwe. Saba zinakupa 119, tatu zinakula 48, unabaki na 71 badala ya 170. Na hapo tunadhani zote tatu zimerudi nzima. Ikiwa moja tu imerudi imechubuka au imefunguliwa kiasi kwamba haiuziki, toa 70 nyingine. Umesafirisha mizigo kumi, umepiga simu wiki nzima, na mkononi una 1.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye risiti. Mzigo uliokataliwa hukaa kwa msafirishaji siku kadhaa kabla ya kurudi, na siku zote hizo ni mtaji wako umelala. Mwenye vipande vitano tu vya bidhaa, vitatu vikiwa njiani kurudi, atamwambia mteja mwenye pesa taslimu kwamba bidhaa imeisha.

Ukiniuliza dawa, nitakujibu vilevile kila mara: chukua malipo ya awali yanayotosha nauli ya kwenda na kurudi pamoja na kifungashio. Kwa mfano wetu ni 16, na 84 zinalipwa mzigo ukifika. Usiweke kiwango kwa kukisia. Kitoe kwenye gharama zako. Mwambie mteja mapema, kwa maandishi, kwamba pesa hiyo inakatwa kwenye bei, na kwamba atarudishiwa yote ikiwa kosa ni lako: umetuma saizi siyo, rangi siyo, au kitu kibovu.

Dhana: ukidai malipo ya awali wateja watakimbia.

Wengine watakimbia, ni kweli. Lakini angalia wanaokimbia ni akina nani. Aliyeagiza saa sita usiku kwa msisimko, asiyepokea simu asubuhi, asiyetaja hata alama ya karibu na kwake, huyo ndiye angekataa mzigo mlangoni. Mteja wako wa zamani aliyekwisha kulipa mara mbili tatu bila matatizo, mwachie alipe yote akipokea. Masharti si lazima yafanane kwa watu wote.

Hata aliyelipa awali, mpigie kabla mzigo haujatoka. Mtajie bidhaa, saizi, kiasi kilichobaki na siku ya kufika, kisha muulize kama pesa itakuwepo siku hiyo na nani atapokea. Oda nyingi hukataliwa kwa sababu zisizo na hila: mzigo umechelewa akanunua kwingine, au aliyeko nyumbani hakuachiwa pesa. Asiyepatikana kwa simu, mzigo wake usitoke.

Dhana: msafirishaji mzuri ni wa bei ndogo.

Kwa mzigo wa kulipia mlangoni, nauli ni swali la mwisho. Uliza kwanza pesa yangu inanifikia baada ya siku ngapi, mzigo ukipotea nani analipa na kwa kiwango gani, na wa kurudi unatozwa vipi. Wa nauli 6 anayekaa na pesa yako wiki mbili anakugharimu kuliko wa 8 anayelipa kesho yake. Ukimtumia dereva wa pikipiki unayemfahamu, mwekee kikomo cha pesa anayoweza kubeba, na mfunge hesabu jioni ileile, mzigo kwa mzigo, kwa namba ya oda.

Dhana: picha ya muamala ni uthibitisho wa malipo.

Sivyo. Picha inahaririwa kwa dakika chache, na ujumbe wa malipo unaweza kuigizwa kutoka namba ya kawaida. Angalia salio kwenye akaunti yako mwenyewe. Dereva naye asiachie mzigo kwa kuonyeshwa simu ya mteja. Akupigie, uthibitishe pesa imeingia, ndipo akabidhi.