Umefuta akaunti ya apu ya mkopo? Waombe wakuonyeshe walichobaki nacho

Malalamiko mengi kuhusu apu za mkopo hapa Kenya yanayotufikia sisi wa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data yanaanza hivi: nilifuta akaunti yangu kitambo lakini bado wananitumia meseji, na saa ingine hadi watu wangu wanapigiwa simu. Tukiuliza umejuaje kwamba data ilifutwa, tunaambiwa apu yenyewe iliandika "akaunti imefutwa". Hayo ni maneno ya kwenye skrini tu, mtu hawezi kuyajengea kesi. Unachohitaji ni kampuni ikupe nakala ya kila kitu inacho kukuhusu, na hiyo ni haki yako chini ya kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Na tafadhali, kuondoa apu kwenye simu hakufuti akaunti. Tumelisema hili sana. Ukiondoa apu, rekodi zote zinabaki kwenye seva zao kama zilivyokuwa.

Ombi lenyewe linaenda kwa kampuni, haliji kwetu kwanza. Fungua sera yao ya faragha utafute imeli ya mambo ya data, alafu utume ombi la kuona data yako. Kanuni za 2021 za sheria hiyo zina fomu yake, inaitwa DPG 2, na ukiitumia inasaidia kwa sababu kampuni haiwezi kusema haikuelewa unataka nini. Wana siku 7 za kukujibu na hawaruhusiwi kukutoza pesa. Wakiomba kuthibitisha wewe ni nani usikasirike, wasipofanya hivyo mtu mwingine anaweza kuchukua data yako kwa jina lako. Lakini PIN ama ile nambari ya siri inayotumwa kwa meseji usimpe mtu yeyote, hakuna ombi la data linalohitaji hiyo.

Sasa hapa kwa kuandika ombi ndo wengi wanaharibu. Mtu anaandika "nataka kujua kama mko na akaunti yangu", kampuni inaangalia orodha ya wateja walio hai, inakosa jina, inajibu "hatuna akaunti kwa nambari hii", na kusema kweli haijadanganya. Akaunti haipo lakini data inaweza kuwa ipo. Kwa hivyo omba data yote inayohusiana na nambari yako, ikiwemo ya akaunti zilizofungwa, ya nakala za akiba, na mahali popote nambari yako imehifadhiwa kwenye orodha ya kontakti za mteja mwingine ama kama mdhamini wa mtu. Nambari iandike kwa njia zote mbili, ile inayoanza na 07 au 01 na ile inayoanza na 254, manake mifumo mingi inahifadhi ya 254 na karani akitafuta ile ingine anakosa. Uliza pia ni kina nani walipewa data yako.

Jambo lingine, kabla ya kutuma ombi tafuta kitu kimoja ambacho unajua kabisa walikuwa nacho, kwa mfano meseji waliyokutumia ikiwa na tarehe, au ujumbe wa M-Pesa wa siku uliyolipa. Usiwatajie, kiweke tu. Jibu likija bila hicho kitu na bila kueleza kilifutwa lini, ujue hawakutafuta vizuri, na unawarudia ukiwa na mfano mkononi.

Jibu zuri linakuja na faili, sio barua peke yake. Barua ya "tumeshughulikia ombi lako na data imefutwa" haijajibu ombi la kuona data, hata kama imeandikwa kwa heshima. Faili nayo inaweza kuonekana kama hii, huu ni mfano tu:

```
{
  "status": "DEACTIVATED",
  "deleted_at": "2025-02-11T18:42:07Z",
  "contacts_count": 412,
  "contacts_synced_at": "2025-02-26T03:10:55Z"
}
```

Usiogope, tunasoma pole pole. `deleted_at` inaonyesha siku uliyobonyeza kufuta. Ile `Z` mwishoni inamaanisha saa za kimataifa, ongeza saa tatu upate za Nairobi, kwa hivyo ilikuwa tarehe 11 Februari, saa tatu na dakika 42 usiku. Lakini ona, rekodi yenyewe bado ipo. Wameweka alama tu kwamba imefutwa, na `DEACTIVATED` inasema vilevile, imezimwa. Kontakti 412 bado ziko pale. Na tarehe ya mwisho ndiyo nzito zaidi, tarehe 26 Februari saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi apu ilichukua tena orodha ya kontakti, siku 15 baada ya mtu kufuta akaunti. Inawezekana vipi? Akaunti ilifutwa lakini apu ilibaki kwenye simu na ruhusa ya kontakti ikiwa imewashwa. Huyo alihitaji kufanya yote mawili, kufuta akaunti na kuondoa apu, ila kampuni nayo haikuwa na sababu yoyote ya kupokea hizo kontakti.

Hii tabia ya kuweka alama ya "imefutwa" si mpya. Mwaka 2011 Max Schrems, wakati huo mwanafunzi wa sheria kule Austria, aliiomba Facebook data yake akapata kurasa 1,222, na ndani yake mlikuwa na meseji alizokuwa ameshafuta.

Sio kila kitu kinachobaki ni kosa, na hapa naomba tusikilizane. Rekodi za mkopo na malipo zinaweza kubaki kwa sababu sheria ya kuzuia utakatishaji wa pesa inataka kumbukumbu za miamala zikae angalau miaka 7. Deni pia halifutiki kwa sababu umeomba data ifutwe, na hakuna ofisi ya data itakayokufutia. Lakini kontakti zako, picha na mahali ulipokuwa si kumbukumbu za muamala. Waulize kila aina wanaishikilia kwa msingi gani wa sheria na mpaka lini. Wakisema iko kwenye nakala za akiba, watoe muda itakapoondoka.

Ukishajua kilichobaki bila sababu, tuma ombi la kufuta kwa fomu DPG 5 ukitaja vitu vyenyewe kwa majina yaliyo kwenye faili. Wana siku 14. Zikiisha, tuma tena ombi la kuona data na ulinganishe faili mbili.

Wakinyamaza au kontakti zikiwa bado zipo, ndipo unaleta malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Malalamiko yanatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 90. Kamishna anaweza kutoa notisi ya utekelezaji, ambayo inaipa kampuni muda usiopungua siku 21 wa kurekebisha, na anayeikaidi bila sababu ya maana anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 5 au kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili. Mbali na hiyo kuna notisi ya adhabu, nayo mwisho wake ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Ukileta malalamiko, leta faili zote mbili kama zilivyotumwa pamoja na imeli zilizozibeba. Skrinshoti iliyokatwa katikati inatuchelewesha sana kwa sababu tarehe tunazozitafuta ndizo hukatwa.