Ujumbe wa tarehe za kujaribu nguo: nahesabu kurudi nyuma kutoka siku ya sendofu

Nashona nguo za sendofu na harusi hapa Dar es Salaam, na karibu kila ugomvi niliowahi kuwa nao na mteja ulitokana na tarehe. Mshono wenyewe mara nyingi haukuwa na neno. Ndiyo maana siku hizi, mteja akishapimwa, kabla sijagusa mkasi namtumia ujumbe mmoja wa Wasapu wenye tarehe zote hadi siku ya kuchukua nguo. Leo nieleze ninavyouandika, kwa kutumia nguo moja niliyoishona Desemba 2024.

Dada huyu alikuja Jumamosi tarehe 9 Novemba. Sendofu yake ilikuwa Jumamosi tarehe 14 Desemba, kwa hiyo tulikuwa na wiki tano kamili. Alitaka gauni refu la satini lililofunikwa lesi, la kubana hadi magotini kisha linafunguka, na sketi ya chini ikatwe kwa mshazari ili imwagike vizuri. Alikuwa tayari na vitambaa vyake kutoka Kariakoo. Jioni ile nilimwandikia hivi:

"Habari za jioni dada. Nguo yako ya sendofu ya Jumamosi tarehe 14 Desemba nimeipangia hivi. Jumamosi tarehe 23 Novemba, saa nne asubuhi, njoo ujaribu mara ya kwanza. Nguo itakuwa imepigwa bandi tu, uje na sidiria utakayoivaa siku yenyewe. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kubadilisha shingo au mikono. Jumamosi tarehe 7 Desemba, saa nne asubuhi, unajaribu mara ya pili. Uje na viatu vyenyewe, bila viatu sikati pindo. Jumatatu tarehe 9 Desemba ni siku ya akiba, nipo hadi saa nane mchana. Jumatano tarehe 11 Desemba, kuanzia saa kumi jioni, unachukua nguo na kumalizia salio. Tarehe ambayo haikufai niambie leo. Kama zote ni sawa, nijibu kwa kuziandika wewe mwenyewe."

Utaona kila siku nimeiandika kwa jina na kwa tarehe. "Jumamosi ijayo" ni maneno ya hatari: ukimwambia mtu siku ya Alhamisi, mmoja ataelewa keshokutwa, mwingine ataelewa wiki inayofuata. Saa nazo naziandika kwa maneno, na naongeza asubuhi au jioni. Niliwahi kumwandikia mteja "saa 10", mimi nikimaanisha saa kumi jioni. Yeye kazini kwao wanahesabu kwa saa za kompyuta, akaja saa nne asubuhi akakuta duka limefungwa. Tulipoteza wiki nzima, na wiki ile ndiyo tuliyokuja kuihitaji.

Sentensi ya mwisho nayo ina kazi yake. Mteja akijibu "sawa" au akatuma kidole gumba, sijui kama amesoma. Akiziandika tarehe yeye mwenyewe, mara nyingi hapo ndipo anapogundua kwamba siku moja ana safari au ana zamu ya usiku.

Sasa hesabu yenyewe. Naanzia kwenye shughuli na kurudi nyuma. Siku ya kuchukua naiweka siku tatu kabla, kamwe si Ijumaa. Umeme ukikatika Ijumaa mchana, pasi haiwaki na ovaloki haizunguki, na hakuna tena siku ya kuazima. Kwa nguo za Idi nakuwa mkali zaidi, kwa sababu mwezi unaweza kuandama baada ya siku 29. Kwa hiyo nahesabu kutoka tarehe 29 Ramadhani, hata kama mteja ana hakika kwamba mfungo utafika 30.

Jaribio la pili lilikaa tarehe 7 Desemba kwa sababu ya ule mshazari. Kitambaa kilichokatwa kwa mshazari hunyooka kwa uzito wake mwenyewe kikining'inizwa, na hakinyooki sawa pande zote. Ukikata pindo siku uliyoshona, baada ya siku mbili utaona upande mmoja umeshuka kuliko mwingine. Sketi niliimaliza Alhamisi tarehe 5, nikaitundika usiku mara mbili, ndipo Jumamosi ikawa tayari kuwekewa alama.

Jaribio la kwanza ni la umbo. Bandi ni nyuzi ndefu za mkono zinazotoka kwa kuvutwa, kwa hiyo siku hiyo kila kitu bado kinabadilika: zipu haijawekwa, bitana haijaingia, na ubavuni nimeacha inchi moja ya ziada kila upande wa mshono. Naangalia mikunjo. Mikunjo inayolala kukatiza tumbo inasema nguo inabana pale. Inayoshuka kutoka kwapani kwenda kifuani huwa inaniambia nikague bega na mkono kwanza. Sidiria nayo inahesabika, maana yenye sponji inapandisha kifua na kiuno cha nguo kinapanda nacho. Dada alikuja nayo, tukashusha shingo kidogo, na mjadala wa mtindo ukafungwa siku hiyo.

Kwa nini naufunga? Kwa sababu baada ya hapo lesi inaanza kushonwa juu ya satini, maua yake yakipandishana ubavuni kwa mkono ili mshono usionekane. Kubadilisha shingo baada ya hatua hiyo ni kufumua kazi ya siku mbili, na lesi haipendi kufumuliwa mara mbili.

Tarehe 7 alikuja saa nne kama tulivyoandikiana, lakini mambo mawili yalikuwa yamebadilika. Kiuno kilichokuwa inchi 30 siku ya kupima sasa kilikuwa 28 na nusu. Maharusi wengi hupungua wiki za mwisho, kwa hiyo sikushtuka. Inchi moja na nusu ukiigawa kwa mishono miwili ya ubavuni ni robo tatu ya inchi kila mshono, na bitana inapunguzwa vilevile, la sivyo inajikusanya ndani na kutokeza vimikunjo juu ya satini. Zipu ya nyuma sikuigusa. Angepungua zaidi ya inchi mbili, maua ya lesi ubavuni yangekatika katikati, na ningelazimika kubandika maua mengine juu yake.

La pili, alikuja na kobazi. Viatu vya sendofu, vyenye kisigino cha inchi nne, vilikuwa bado kwa dada yake. Aliniomba nikadirie kwa kumsimamisha kwenye vidole. Nilikataa. Mtu akisimama kwenye vidole anayumba na hawezi kukaa sawa kwa dakika kumi za kuweka pini kuzunguka pindo lote, na nusu inchi tu mbele inatosha kumfanya akanyage gauni akiingia ukumbini.

Siku ya akiba ikafanya kazi yake. Jumatatu tarehe 9 ilikuwa sikukuu ya Uhuru, hakuwa kazini, na ndiyo maana niliichagua tangu mwanzo. Alikuja na viatu, nikapima kutoka sakafuni kwa rula huku nikizunguka mimi, yeye akiwa ametulia anatazama mbele. Nilimwambia akae, anyanyue mikono, acheze hatua mbili tatu. Kiuno kilikuwa kimetulia.

Jumatano alichukua nguo saa kumi na moja jioni. Alhamisi asubuhi alinipigia: "Fundi, kile kikulabu cha juu ya zipu kimelegea." Akapita nacho jioni akitoka kazini, nikakishona upya kwa uzi wa kukunja mara mbili akisubiri kwenye benchi.