Wimbo kwenye video ya duka: yasemwayo na yalivyo

Tuchukue duka la leso pale Biashara Street, Idd imekaribia. Mwenye duka ana video ya nusu dakika: leso zinakunjuliwa, bei inatajwa, na nyuma yake unasikika wimbo wa Bongo Flava unaovuma.

"Sekunde kumi na tano hazina neno." Zina neno. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 haikumtengea mfanyabiashara sekunde zozote za bure. Inaachia mambo kama utafiti, matumizi binafsi, uhakiki na habari. Tangazo la leso halimo. Kuandika jina la msanii chini ya video ni adabu nzuri, lakini si ruhusa.

"Mimi nina leseni, imebandikwa ukutani." Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, na siwalaumu, maana pesa wamelipa kweli. Leseni ile ni ya kupiga muziki dukani, wateja wausikie. Kuunganisha wimbo na picha za tangazo ni ruhusa nyingine, nayo hutoka pande mbili: kwa mwenye utunzi, yaani maneno na tuni ya wimbo, na kwa mwenye rekodi, ambaye mara nyingi ni kampuni. Kwa hiyo hata mwimbaji akikujibu "tumia tu, ndugu yangu", huenda rekodi si yake kuitoa.

"Wimbo nimeupata ndani ya TikTok yenyewe." Nyimbo nyingi mle zimeruhusiwa kwa watu binafsi wanaojifurahisha. Anayeuza bidhaa amewekewa orodha yake, Commercial Music Library. Nyimbo zake zimeruhusiwa humo TikTok, basi. Ukiipakua video ile na kuipeleka Facebook au YouTube, ruhusa haikufuati.

YouTube huitambua rekodi kwa mashine iitwayo Content ID. Ukiona "Copyright claim", kwa kawaida video hubaki, ila mwenye wimbo anaweza kuchukua mapato ya matangazo au kuifungia. "Copyright strike" ni zito zaidi: video imeondolewa, na ukipata tatu ndani ya siku 90 chaneli yako inaweza kufutwa.

Kuhusu picha, mkato ni huu: leso ni yako, lakini picha yake uliyoikuta Google ni ya aliyeipiga. Hata ile ya msambazaji, muombe kwa ujumbe na jibu lake ulihifadhi. Zenye leseni ya Creative Commons zitazame vizuri. Ukiona herufi NC, si za biashara.

Duka letu lifanyeje? Lichukue wimbo kwenye Audio Library ya YouTube na kusoma masharti yake, au limlipe mpiga ngoma wa mtaani apige mdundo alioutunga mwenyewe, waandikiane karatasi inayotaja tangazo na mitandao litakapowekwa. Na siku ya kurekodi, redio ya dukani izimwe. Hata wimbo unaosikika kwa mbali, mashine huweza kuunasa.