Slerp na njia fupi: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Kamera ya mchezo inatazama nyuzi 10. Inatakiwa igeuke taratibu kwa slerp, hesabu inayotafuta mielekeo ya kati baina ya mwanzo na mwisho, hadi nyuzi 350, yaani nyuzi 20 tu upande wa pili. Badala yake inazunguka karibu duara zima, nyuzi 340, na mchezaji anaona ukumbi wote ukimpita mbele ya macho. Wengi wanaokutana na hitilafu hii huanza kutilia shaka fremu kuu zao, mielekeo waliyoiweka wenyewe, kumbe fremu hizo hazina kosa lolote.

Dhana: slerp hufuata njia fupi daima.

Ken Shoemake alipoileta slerp kwa wahuishaji mwaka 1985, kila mwelekeo aliuandika kama kwatenioni, namba nne ambazo pamoja ni nukta juu ya tufe la vipimo vinne. Slerp hupita juu ya tufe hilo kwa mwendo usiobadilika, na ni kweli kwamba hufuata tao fupi kati ya nukta mbili ulizoipa. Tatizo ni kwamba kila mwelekeo una nukta mbili juu ya tufe hilo: `q` na `-q`. Ukiipa nukta iliyo mbali, itakupeleka huko huko mbali.

Tuihesabu kamera yetu, inayozunguka kwenye mhimili wa wima. Kwatenioni hutumia nusu ya pembe, kwa hiyo nyuzi 10 zinakuwa (0.9962, 0, 0.0872, 0), na nyuzi 350 zinakuwa (-0.9962, 0, 0.0872, 0). Zidisha namba kwa mwenzake kisha ujumlishe: unapata -0.9848. Hiyo ni kosaini ya nyuzi 170, na kwa kuwa pembe ya tufe ni nusu ya pembe halisi, kamera itazunguka nyuzi 340. Katikati ya safari itakuwa imeangalia nyuzi 180, nyuma kabisa.

Sasa geuza alama za kwatenioni ya pili zote nne: (0.9962, 0, -0.0872, 0). Jumla inakuwa 0.9848, pembe ya tufe ni nyuzi 10, na kamera inageuka nyuzi 20. Katikati ya safari inatazama nyuzi 0, kama ilivyotarajiwa. Katika msimbo huu, `d` ni jumla hiyo, na `t` ni sehemu ya safari, kutoka 0 hadi 1.

```
d = dot(q0, q1)
if d < 0:
    q1 = -q1
    d = -d
if d > 0.9995:
    return normalize(q0 + t*(q1 - q0))
w = acos(d)
return (sin((1-t)*w)*q0 + sin(t*w)*q1) / sin(w)
```

Sharti la 0.9995 nalo lisiondolewe. Mielekeo miwili ikikaribiana sana, `sin(w)` inakaribia sifuri na unajikuta unagawanya kwa karibu sifuri. Isitoshe, makosa madogo ya desimali yanaweza kuifanya `d` izidi 1 kidogo, `acos` ikarudisha `NaN`, na kitu chako kikatoweka kwenye skrini.

Dhana: kugeuza alama ni kugeuza mzunguko.

Hapana. Ukibadilisha alama zote nne, mwelekeo unabaki ule ule, na kitu hakisogei hata kidogo. Kinachorudisha mzunguko kinyume ni kubadilisha alama za namba tatu za mwisho, zile za mhimili, peke yake. Anayechanganya hayo mawili hukifanya kitu kiishie kwenye mwelekeo usio wake, na kosa hilo ni rahisi kulitambua: angalia fremu ya mwisho.

Dhana: maktaba imeshashughulikia.

Inategemea umeita nini. Katika GLM, maktaba ya hesabu ya C++, `slerp` hukagua alama, lakini `mix` inayopokea kwatenioni haikagui. Ukiwa na shaka, ijaribu kwa nyuzi 10 na 350 za hapo juu, kisha usome thamani ya katikati.

Dhana: ukaguzi wa alama hufaa popote.

Hapa ndipo ningependa watu wawe waangalifu zaidi. Gurudumu linalotakiwa kuzunguka nyuzi 270 mbele litarudi nyuma nyuzi 90, kwa sababu kwatenioni mbili haziwezi kueleza kwamba ulitaka njia ndefu. Weka fremu kuu za kati, kila hatua iwe chini ya nyuzi 180, au huisha pembe yenyewe.

Nyuzi 180 kamili ni tabu nyingine. Jumla inakuwa sifuri, njia zote mbili zina urefu sawa, na tofauti ndogo ya desimali ndiyo inayoamua upande. Mhusika yule yule anaweza kugeukia kulia leo na kushoto kesho, baada ya faili kuhifadhiwa upya na programu nyingine. Fremu moja ya nyuzi 90 katikati hutosha kumwonyesha upande unaoutaka.